Mguu wa kulia wa Frida Kahlo: polio iliyoandikwa au iliyosimuliwa?

"Frida Kahlo aliugua polio akiwa na umri wa miaka sita." Karibu kila anapotajwa mchoraji huyu wa Meksiko, sentensi hiyo haikosi, na husemwa kwa uhakika uleule wa kusema kwamba alizaliwa Coyoacán. Niliimeza mwenyewe kwa muda mrefu. Kilichonikwama kooni baadaye ni hesabu ya umri, tena hesabu ya darasa la kwanza.

Kwa mujibu wa cheti, Kahlo alizaliwa tarehe 6 Julai 1907. Yeye mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alipenda kusema alizaliwa mwaka 1910, mwaka yalipoanza Mapinduzi ya Meksiko. Basi hiyo "miaka sita" tuihesabu kuanzia wapi? Tukianza na cheti, ugonjwa uliingia 1913 au nusu ya kwanza ya 1914. Tukianza na mwaka alioupenda, ni 1916 au 1917. Halafu kuna karatasi ya tatu, ya daktari, ambayo inataja 1918, mwaka ambao kwa cheti chake alikuwa na miaka kumi akielekea kumi na moja. Mtoto mmoja, mguu mmoja, miaka mitano ya mvutano.

Karatasi hiyo ya daktari ndiyo inayostahili kusomwa polepole. Iliandaliwa mwaka 1946 na Henriette Begun, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Meksiko, na ni historia ya maradhi ya Kahlo kuanzia utotoni. Kwenye mwaka 1918 imeandikwa kwamba aligonga mguu wa kulia kwenye shina la mti, na tangu hapo mguu ukaanza kunyauka kidogo, ukafupika kidogo, na unyayo ukageukia nje. Baadhi ya madaktari, inasema, walidhani ni polio. Wengine walidhani ni "uvimbe mweupe".

Jina hilo la mwisho wengi hulipita bila kulitazama. Uvimbe mweupe lilikuwa jina la zamani la kifua kikuu cha maungio, hasa goti: kiungo kinavimba taratibu, ngozi juu yake inabaki imepauka badala ya kuwa nyekundu, na mtoto anaanza kuchechemea. Ni ugonjwa tofauti kabisa na polio. Kirusi cha polio huvamia seli za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli. Homa hutangulia, maumivu ya misuli hufuata, kisha ndani ya siku chache mguu au mkono unalegea, mara nyingi upande mmoja tu. Hisia za ngozi hubaki salama. Misuli isiyoamrishwa hunyauka, na mfupa usiovutwa na misuli hubaki nyuma katika kukua. Kwa hiyo waraka huu wa kidaktari unaozungumzia utoto wake hausemi "polio" kama hukumu. Unasema madaktari hawakuafikiana.

Tulinganishe na alichomsimulia Raquel Tibol, mwandishi wa sanaa, mwaka 1953. Humo hamna shina la mti. Kuna polio, miaka sita, miezi tisa kitandani, maumivu makali yaliyoanzia pajani na kushuka, na mguu ukioshwa kwa maji ya majani ya mti wa jozi na kukandwa kwa vitambaa vya moto. Hii ndiyo simulizi iliyoshinda. Ina picha, ina harufu, na inamfaa mtu aliyekwisha kuwa maarufu.

Wenye shaka wana hoja nzito hapa. Ushahidi huu wote, wa 1946 na wa 1953, unarudi kwenye kinywa kimoja. Begun hakumwona mtoto. Aliandika alichoambiwa na mgonjwa mtu mzima, zaidi ya robo karne baadaye. Ukihesabu vitabu mia vinavyosema polio, hujapata mashahidi mia, umepata mwangwi. Tena kinywa chenyewe kilikuwa na tabia ya kuyapanga maisha yake. Mwaka wa kuzaliwa ni mfano mmoja. Wa pili ni baba yake, Guillermo, mpiga picha aliyezaliwa Pforzheim, Ujerumani. Kahlo alisema baba huyo alitoka ukoo wa Wayahudi wa Hungaria, na dunia ikarudia hivyo hadi mwaka 2005, pale watafiti wawili, Gaby Franger na Rainer Huhle, walipofukua kumbukumbu za Ujerumani na kukuta ukoo wa Waprotestanti wa Kilutheri. Aliyekosea kuhusu babu zake, wanauliza, kwa nini tumwamini kuhusu mguu?

Swali ni la haki, ila naona linachanganya vitu viwili. Ukoo ni jambo la kusikia. Mguu ni jambo la kuonekana na wenzio mtaani. Na hapa tunaye shahidi mwingine: Aurora Reyes, ambaye baadaye naye alikuwa mchoraji, alikumbuka kwamba watoto walimfanyia Frida ukatili, wakimpigia kelele "mguu wa mti" alipopita na baiskeli, naye akiwajibu kwa matusi ya hasira. Kumbukumbu hiyo nayo ilitolewa ukubwani, na haimtaji kirusi yeyote. Lakini inathibitisha kasoro ya mguu iliyoonekana kabla ya jambo moja kubwa lililotokea baadaye, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Jambo hilo ni ajali ya tarehe 17 Septemba 1925, basi alilopanda lilipogongwa na tramu. Kahlo alikuwa na miaka kumi na minane. Pamoja na uti wa mgongo na nyonga, mguu wa kulia, uleule, ulivunjika sehemu kumi na moja, na unyayo ukapondeka. Tangu siku hiyo kila alama ya mguu wa kulia ina maelezo mawili. Mwaka 2004 bafu lililokuwa limefungwa katika Nyumba ya Buluu, nyumba yake ya Coyoacán, lilifunguliwa, zikatoka koseti za kushikilia mgongo, mguu wa bandia, na viatu vyenye kisigino cha kulia kilichoinuliwa. Watu walifurahi: hii hapa polio! Siyo. Kiatu cha mtu mzima kinaonyesha tu kwamba mguu mmoja ulikuwa mfupi wakati kiatu kinashonwa. Hakisemi kama ufupi ulitokana na maradhi ya utotoni, na mivunjiko kumi na moja, au na upasuaji wa unyayo uliofuata. Anayetaka kuthibitisha ugonjwa wa utotoni hana budi kusimama kabla ya Septemba 1925, na huko ndiko Aurora Reyes anakomsubiri.

Kuna upande wa tatu, na ndio ninaouona wa kuvutia zaidi kwa sababu hauulizi kama Kahlo alidanganya. Unauliza kama alikosea jina. Mwaka 1930 huko San Francisco alikutana na daktari mpasuaji Leo Eloesser, aliyekuja kuwa rafiki yake hadi mwisho. Eloesser alimkuta na uti wa mgongo uliopinda pembeni, na akahukumu kwamba alizaliwa nao. Kuanzia hapo baadhi ya madaktari walioandika juu yake wamependekeza kwamba alizaliwa na mgongo wazi wa aina iliyofichika, ambapo pingili hazijafunga vizuri lakini ngozi imefunika, na mtoto anaonekana mzima mpaka anapoanza kurefuka. Neva zinavutwa, mguu mmoja unabaki mwembamba, unyayo unapinda.

Nguvu ya hoja hii iko kwenye vidonda. Kwa miaka mingi Kahlo alisumbuliwa na kidonda ndugu katika unyayo wa kulia, na mwishowe, mwaka 1953, mguu ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya kuoza. Vidonda visivyopona huwapata sana watu ambao unyayo wao umepoteza hisia: unakanyaga, unaumia, hujui. Polio haiondoi hisia. Mgongo wazi unaweza. Ila hata hapa ajali inaingia mlangoni bila kubisha, maana unyayo uliopondwa na mgongo uliovunjika vinaweza pia kuharibu neva na mishipa ya damu. Na maumivu ya ghafla kutoka pajani na miezi kitandani, kama ni kweli, yanafanana zaidi na ugonjwa uliovamia kuliko na kasoro iliyonyemelea taratibu.

Na shina la mti je? Wengi wanaliona kama doa katika waraka wa Begun. Mimi naliona kama kitu kinachoufanya uaminike zaidi. Mtu anayepamba hadithi hamwambii daktari wake toleo linaloharibu hadithi. Halafu, mguu uliolegea ndio unaojikwaa. Yeyote aliyekaa na mzazi wa mtoto mlemavu anaijua sentensi ya "alianguka tu, tangu hapo", na mara nyingi anguko lilikuwa dalili ya kwanza, familia ikalikumbuka kama chanzo. Shina la mti na polio vinaweza kukaa katika nyumba moja bila ugomvi.

Ningegawa basi hukumu yangu hivi. Kwamba mguu wa kulia ulikuwa na kasoro utotoni, nakubali bila masharti, kwa kuwa kuna shahidi asiye yeye na kuna waraka ambao haukuandikwa kwa ajili ya umma. Kwamba ilikuwa polio, naona inaelekea kuwa kweli kuliko uvimbe mweupe, kwani kifua kikuu cha goti kwa kawaida huacha goti gumu, na huyu mtoto alikuwa akiendesha baiskeli. Mgongo wazi siufuti. Unaweza kuwa ulikuwepo pamoja na polio, na mtu mmoja kubeba vyote viwili si ajabu. Lakini "miaka sita" na "miezi tisa" ni maneno yake, na yanapaswa kuandikwa kama maneno yake: alisema, alisimulia. Mwandishi anayeyageuza kuwa "ilitokea" anatia muhuri karatasi ambayo hakuiona.

Wanaotumaini kwamba siku moja mifupa itamaliza ubishi watasubiri bure. Mguu wenyewe ulikatwa Agosti 1953, na Kahlo alipofariki Julai 1954 mwili wake ulichomwa. Majivu yamo Coyoacán, ndani ya chungu, katika nyumba ileile alikougulia.