"Nina swali dogo tu la kodi"

Wiki iliyopita jamaa niliyesoma naye alinitumia ujumbe: "Kaka, nina swali dogo tu. Nimepata notisi ya makadirio ya kodi kutoka TRA, nina siku ngapi za kupinga?" Nikamjibu palepale: siku 30 tangu ulipopokea notisi. Swali la namna hiyo nitalijibu bure hata usiku, maana jibu limo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 na halibadiliki kwa sababu ya anayeuliza.

Dakika chache baadaye zikaanza kuingia picha: kurasa za taarifa ya benki, moja baada ya nyingine, nyingine zimekatwa pembeni. "Niangalizie tu kama wamekosea."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na bado haijashuka. Huko si kuangalia, ni kazi yenyewe ya ushauri wa kodi, inayonilipia pango la nyumba.

Acha nieleze kilichomo ndani ya hiyo "niangalizie tu". Kampuni yake inauza vifaa vya ujenzi. Ilitangaza mauzo ya shilingi milioni 250, lakini benki ziliingia milioni 390. Mkaguzi kachukua tofauti, milioni 140, kaihesabu kuwa mauzo yaliyofichwa, akatoza asilimia 30. Hiyo ni milioni 42 kwa kodi ya mapato peke yake, ukiacha riba na VAT. Ili ujue kama hesabu hiyo ni sahihi, lazima upitie kila fedha iliyoingia na kuipa jina: hii ni ya mteja, hii ni mkopo, hii imehamishwa kutoka akaunti yake nyingine. Kisha kila jina ulitafutie karatasi. Mkopo una mkataba. Uhamisho lazima uonekane umetoka upande wa pili kwa tarehe na kiasi kilekile. Tuseme mkopo ni milioni 60 na uhamisho milioni 50. Zinabaki milioni 30 zisizo na maelezo, na kodi yake ni milioni 9.

Halafu kuna amana. Anayepinga hulipa kwanza kiasi asichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Kwa hiyo halipi milioni 9. Analipa milioni 14, au anamwandikia Kamishna Mkuu wa TRA mapema, kwa sababu za msingi, akiomba apunguziwe. Asipofanya lolote kati ya hayo, pingamizi lake halipokelewi, hata kama hoja zake zote ni za kweli.

Sasa niambie, mtu atajibuje hayo kwa picha zilizokatwa, akiwa kwenye daladala? Nikisema "naona wamekosea" naye akalala akisubiri, siku 30 zikapita, atakumbuka nani alimwambia. Jibu nililotoa bure lina uzito uleule wa jibu lililolipiwa, ila halina mkataba, halina nyaraka kamili, wala halina muda wa kulifikiria. Linamuumiza yeye kabla halijaniumiza mimi.

Ndiyo maana mpaka wangu ni mmoja: swali likihitaji nisome karatasi zako, imekuwa kazi. Namwandikia hivi, bila kuzunguka:

"Ndugu yangu, hili siwezi kulijibu kwa kuangalia juujuu. Linahitaji kulinganisha taarifa za benki zote na vitabu, kisha kuandika pingamizi. Ada yangu ni kiasi hiki, nusu kabla sijaanza. Ukikubali leo, nitumie taarifa kamili, mkataba wa mkopo na notisi yenyewe. Ukipata mtu mwingine, sawa kabisa, ila usivuke tarehe hii." Kisha naandika tarehe yenyewe. Hiyo tarehe siiachi hata kwa mtu aliyeniudhi.

Natuma kabla sijafungua picha ya pili. Ukishasoma nusu na kutoa maoni mawili matatu, kutaja ada kunaonekana kama umegeuka katikati ya safari, na yeye ana haki ya kushangaa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wasio na uwezo. Mama mwenye genge akija na karatasi yake nitakaa naye nimalize, na hatadaiwa. Lakini huyo huwa anasema mapema kwamba hana. Anayenichosha ni mwenye lori mbili anayeanza na "habari za familia?"

Jamaa yangu alijibu: "Kumbe siku hizi umebadilika." Nikamwambia hapana, na nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe hajawahi kunipa hata mfuko mmoja wa saruji bure, na sijawahi kumlaumu. Yupo dukani kuuza. Alikaa kimya hadi jioni, kisha akauliza kama ile nusu inaweza kutumwa kwa simu.

Inaweza.