Kilomita Chache Zisikudanganye

Mwanamke aliyedunduliza miaka sita ili anunue gari la kwanza hakosi washauri. Mjomba alimwambia atazame kilomita kabla ya kitu kingine chochote. Shangazi alimwambia asimalize akiba yote siku ya kununua. Kwa maoni yangu shangazi ndiye aliyemwokoa.

Mbele yake kulikuwa na magari mawili ya bei inayokaribiana. La kwanza lilisoma kilomita 68,000, la pili 140,000 na lilikuja na daftari la matengenezo. Mjomba alikwishachagua. Lakini mita hurudishwa nyuma, na wanaorudisha husahau vitu vidogo. Kwenye gari la kwanza mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi michirizi imefutika, na ngozi ya usukani inang'aa pale mikono inaposhika. Kilomita 68,000 kwa kawaida hazifanyi hivyo.

Kilichonitia shaka zaidi ni kwamba boneti ilikuwa ya moto alipofika. Muuzaji alikuwa ameshaliwasha. Injini yenye joto huficha mengi: ugumu wa kuwaka, mgongano wa mnyororo wa taimingi sekunde za kwanza, na moshi wa bluu unaotokana na oili iliyovuja usiku kupitia sili za valvu. Alifanya vizuri kuomba arudi asubuhi, likiwa halijaguswa. Asubuhi ile moshi wa bluu ulitoka kwa muda, kisha ukakata. Ukichelewa dakika tano huuoni kabisa.

Gari la pili liliwaka baridi bila shida. Maji ya rejeta yalikuwa safi, bila utando wa oili (rejeta hufunguliwa injini ikiwa imepoa tu, la sivyo maji ya moto hukurukia usoni). Alipotia gia ya nyuma, liliitikia papo hapo. Kuchelewa na kisha kushtuka kungemaanisha gia boksi imechoka, na hapo ingefaa aondoke.

Halikuwa kamilifu. Tairi mbili zilikuwa na tarakimu 2314 ubavuni, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014: kashata bado ipo, ila mpira umeshakauka na kupasuka nyufa. Na daftari halikuonyesha mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, kubadilishwa hata mara moja, wakati mikanda mingi huhitaji kubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Ukikatika safarini, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu, na matengenezo yake yanaweza kukaribia bei ya injini nyingine.

Hapa ndipo neno la shangazi lilipolipa. Mnunuzi alikuwa ametenga sehemu moja kati ya tano za akiba yake. Kwanza alimwonyesha muuzaji kurasa za daftari, akapunguziwa bei. Kisha kutoka ofisi ya usajili alilipeleka moja kwa moja kwa fundi, akabadilishiwa mkanda pamoja na tensheni na pampu ya maji, kwa sababu vyote hufikiwa kwa kufungua mahali pamoja na ufundi hulipwa mara moja. Tairi zikafuata wiki hiyohiyo.