Makala moja kwa kamati nzima, au moja kwa kila mjumbe?

Kampuni ya Malindi inayouza mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya visima haimuuzii mtu mmoja. Meneja wa hoteli ndiye anayepiga simu ya kwanza, mara nyingi baada ya wageni kulalamikia maji ya bafuni, lakini uamuzi hupitia kwa fundi mkuu, kwa mhasibu, na kwa mwenye hoteli ambaye pengine anaishi Italia. Mazungumzo yakianza Septemba, mtambo hufungwa Mei, wakati wa masika, ambapo hoteli nyingi hufunga au hupunguza kazi. Katika miezi hiyo minane muuzaji huketi na kamati ya watu hao mara mbili au tatu tu. Siku nyingine zote kinachomsemea ni makala yake ya kueleza mtambo, ambayo meneja amemtumia mhasibu kwa simu, naye mhasibu akaichapa na kuiweka kwenye jalada.

Wanaotaka kila mjumbe aandikiwe makala yake wana hoja nzito. Fundi mkuu anataka kujua utando wa kuchujia unaziba kwa sababu gani na unaoshwaje. Mhasibu anataka gharama ya kila lita 1,000 ikilinganishwa na bei ya maji ya bauza. Mwenye hoteli anauliza juu ya vibali vya kisima na mahali pa kumwaga maji yenye chumvi kali yanayobaki. Ukiyachanganya hayo yote, kila mmoja atalazimika kupitia kurasa zisizomhusu, na huenda akaacha kusoma kabla hajafika panapomhusu.

Hata hivyo, kamati haishindwi kuamua kwa sababu ya mjumbe mmoja kukosa maelezo. Hushindwa kwa sababu kila mjumbe amekuja na hesabu yake. Tuchukue hoteli inayotumia lita 30,000 kwa siku. Mtambo ukitoa maji matamu asilimia 70 ya maji unayovuta, kisima kitatakiwa kutoa karibu lita 43,000, na lita 13,000 zitakuwa za kumwaga. Tukikadiria yuniti moja na nusu ya umeme kwa kila lita 1,000 za maji matamu, hiyo ni yuniti 45 kwa siku. Mhasibu aliyesoma makala ya gharama peke yake anaziona yuniti 45 na kufurahi. Fundi aliyesoma makala ya mitambo anaziona lita 43,000 na kujua kwamba pampu iliyopo haiziwezi. Wakikutana Januari, mmoja anaona mwenzake anakwamisha mambo, mwingine anaona mwenzake haelewi, na shauri linaahirishwa hadi msimu mwingine.

Kwa hiyo naona makala ya kwanza lazima iwe moja, yenye hesabu hiyo wazi tangu lita za kisima hadi shilingi, na makala za mjumbe mmoja mmoja zifuate baadaye, zikirejea tarakimu zile zile. Hesabu ionyeshwe hatua kwa hatua na iwe na tarehe, kwa maana bei ya umeme ya Septemba huenda isiwe ya Machi, na mhasibu aweze kubadilisha bei bila kumpigia mtu simu. Idadi ya waliofungua makala haionyeshi kama imefanya kazi. Sikiliza maswali ya kikao cha pili: fundi akiuliza juu ya gharama ya kubadilisha utando, na mhasibu akiuliza juu ya pampu, makala imesomwa na imezungumzwa nao wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja akirudia swali la idara yake tu, bado wanasoma kila mtu kivyake.

Linabaki jambo moja ambalo wauzaji hulikwepa, nalo ni kuandika mahali ambapo mtambo haufai. Visima vya karibu na bahari huweza kuzidi chumvi wakati wa kiangazi, hasa vikivutwa sana, na maji yakikaribia chumvi ya bahari umeme unaohitajika huongezeka maradufu au zaidi. Anayeogopa kuliandika husema kwamba linampa silaha mjumbe anayepinga ununuzi, na ni kweli, mpinzani atalisoma kwa sauti kikaoni. Lakini huyo huyo angeligundua Februari kisimani mwenyewe, na hapo meneja aliyewaletea wenzake makala ndiye angeaibika mbele yao, wala asingeitetea tena. Mimi ningeliweka katika makala ile ya kwanza, pamoja na sharti kwamba maji yapimwe mara mbili, kiangazi na baada ya mvua, kabla ya muuzaji kutaja bei ya mtambo.