Picha ya kioo kilichopasuka haikuambii jina la televisheni

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kuandika madai ya mizigo iliyoharibika. Wenye maduka wa soko la Kenya na wa Katuba, mitaa ya hapahapa mjini, wananitumia picha kwenye simu, mimi nageuza picha hizo kuwa orodha: kitu gani, modeli gani, namba gani, kimeharibika vipi. Mara nyingi mizigo yenyewe siioni. Kwa hiyo nina maoni makali kuhusu jambo ambalo wengi wanaliona dogo, nalo ni kukipa kitu jina kutokana na picha.

Mwaka huu mama mmoja mwenye duka la vyombo vya umeme alinipigia Ijumaa asubuhi. Lori lake lilikuwa limefika jana yake kutoka Dar es Salaam, kwa njia ya Tunduma, Zambia yote hiyo, mpaka Kasumbalesa. Ndani yake kulikuwa na televisheni kumi za Samsung za inchi 43. «Kaka, sita zimekufa,» akaniambia. «Nimekutumia picha zote. Andika leo leo.»

Picha zilikuwa kumi na nne. Tisa kati yake zilionyesha kioo kwa mbele: nyufa kama utando wa buibui, mstari mweusi, kona iliyobonyea. Ni picha zinazouma moyo, na kila mfanyabiashara huanza nazo. Lakini kwa mbele televisheni ya inchi 43 haina jina. Utaona neno Samsung chini ya kioo, basi. Hutaona ni ya mwaka gani wala ni ya mfululizo upi, na ukubwa wenyewe unaukisia tu. Hata njia ya kawaida ya kusoma modeli kwenye menyu ya televisheni imefungwa, kwa sababu kioo ndicho kilichovunjika.

Jina liko nyuma, kwenye kibandiko cha kiwanda, na liko tena ubavuni mwa katoni. Fakture ya mama huyu ilikuwa na modeli mbili: nne za UA43AU7000 na sita za UA43CU7000. Yasome hayo majina polepole. U na A za mwanzo ni aina ya kioo na soko la Afrika na Asia. Kwa Ulaya ingeandikwa UE. 43 ni inchi. Halafu inakuja herufi inayobeba mwaka: A ni ya 2021, B ya 2022, C ya 2023. Kwa hiyo televisheni hizi mbili zinatofautiana kwa herufi moja tu, na ukiziweka pamoja ukutani mteja wa kawaida hatazitofautisha. Bei zake hata hivyo ni mbili.

Ndiyo maana sipendi tabia ya kuandika jina la kwanza linalojitokeza ukitafuta kwenye mtandao. Nimeona madai yaliyoandikwa UE43 kwa mzigo ambao haujawahi kukanyaga Ulaya. Mtu alinakili ukurasa aliouona, akaacha kibandiko kilichokuwa mgongoni mwa kitu chake. Msafirishaji akasoma, akafungua waraka wake wa mzigo, akajibu kwa mstari mmoja: kitu hiki sikukibeba. Naye alikuwa na haki.

Turudi kwa mama. Katoni nne zilisomeka vizuri. Ya tano ilikuwa imelowa, na herufi baada ya 43 ilikuwa imefutika kabisa. Ilibaki namba ya msimbopau, ile ya tarakimu 13 chini ya mistari, na hata hiyo ilikuwa na pengo la tarakimu moja. Hapa watu huandika modeli ya bei kubwa, wakisema watapunguziwa mbele ya safari. Mimi nilipiga hesabu.

Nitatumia namba ya mfano, si ile ya katoni yake. Tuseme tunasoma 8806094?15233. Tarakimu ya mwisho ya msimbopau huwekwa kwa ajili ya kuzihakiki zile nyingine. Chukua tarakimu zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11, uzijumlishe: 8, 0, 0, 4, 1 na 2, unapata 15. Chukua za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 8, 6, 9, pengo, 5 na 3. Bila pengo ni 31, na jumla hii huzidishwa kwa 3, inakuwa 93. Ukiongeza 15 na ile 3 ya mwisho, una 111. Jumla yote lazima iishie na sifuri, na tarakimu ya pengo nayo inazidishwa kwa 3. Tarakimu gani mara 3 inaishia na 9, ili 111 iwe 120? Ni 3 peke yake. Namba ni 8806094315233.

Njia hii ina mpaka wake. Pengo likiwa moja hesabu itakupa jibu siku zote, hata kama zile nyingine ulizisoma vibaya. Kwa hiyo haitoshi peke yake. Nilimwomba mama anipigie picha msimbopau wa katoni nzima ya AU7000 na ya CU7000, maana kila modeli ina namba yake. Namba niliyoipata ikalingana na ya CU7000, tarakimu zote 13. Hapo ndipo nikaandika, tena nikaandika jinsi nilivyojua: «Modeli haisomeki kwenye katoni, imetambuliwa kwa msimbopau, tarakimu ya nane imepatikana kwa hesabu na kulinganishwa na katoni nzima ya mzigo huohuo.» Kwenye orodha zangu kila mstari una neno moja kati ya mawili: imesomwa, au imetambuliwa. Eksperi wa bima au mtu wa msafirishaji akiuliza, najua la kumjibu.

Sasa kuhusu kuandika kikubwa ili wapunguze. Mama huyu hakuwa na bima ya mzigo. Dai lilikuwa dhidi ya msafirishaji. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria yake ya usafirishaji wa mizigo kwa barabara inatumika hata kama lori limetoka nchi isiyo mwanachama, maadamu linashushia kwetu. Sheria hiyo inakadiria fidia kwa thamani ya kitu, lakini inaweka kikomo: faranga za CFA 5,000 kwa kila kilo ya uzito mzima wa mzigo, isipokuwa mtumaji aliandika thamani kwenye waraka wa mzigo, ule tunaouita letre de vwatire. Mama hakuandika thamani. Tuseme katoni moja ina kilo 11: kikomo ni 55,000, yaani kama euro 84. Iwe AU, iwe CU, kikomo ni kilekile, na kiko chini ya bei ya zote mbili. Aliyedanganya herufi hakuongeza hata senti. Alichopata ni karatasi isiyolingana na fakture, na sababu ya kukataliwa dai zima.

Kwa hiyo kwenye kibandiko cha katoni nasoma kitu cha pili baada ya modeli: uzito mzima, unaoandikwa G.W. Uzito unaouona kwenye kurasa za maduka mara nyingi ni wa televisheni yenyewe, bila katoni na pengine bila miguu. Kilo mbili zikipotea kwenye kila moja, umejinyima faranga 10,000 kwa kila televisheni, na hakuna atakayekukumbusha.

Kuna namba nyingine ambayo watu wanaichanganya na modeli, nayo ndiyo iliyotuokoa. Modeli inasema ni aina gani. Namba ya mfululizo, S/N, inasema ni ipi hasa. Nilipopanga zile picha kwa S/N, nikapata tano. Nikahesabu tena. Televisheni mbili za «kona ya kushoto» zilikuwa televisheni moja, imepigwa kwa mbele na kwa upande, mchana na usiku. Kwa macho ungeapa ni mbili, hata nyufa zilionekana tofauti kwa sababu ya mwanga.

Nilimpigia. «Mama, ya sita iko wapi?»

«Iko hapo, si nimekutumia?»

«Nimepata namba tano tu, mama. Naomba uhesabu kwa mkono.»

Alikaa kimya, nikamsikia akisogeza vitu kwenye depo. Ya sita ilikuwa kwenye katoni yake, haijafunguliwa, nyuma ya friza. Katika ile hasira ya kufungua katoni na kukuta vioo vimepasuka, kijana wa duka alikuwa ameihesabu pamoja na zilizokufa kwa sababu ilikuwa imelazwa pamoja nazo. Na kulazwa huko ndiko kulikoziua: kioo cha televisheni kinasafiri kimesimama, na kikilazwa chini ya mizigo mingine kinapasuka huku katoni ikibaki safi. Nikamwambia aifungue mbele ya shahidi, aiwashe, apige picha kioo kikiwaka na kibandiko cha nyuma bila kukisogeza.

Tulikuwa bado ndani ya muda. Katoni mbili zilizobonyea zilikuwa na uharibifu unaoonekana, na taarifa yake ya maandishi inatakiwa siku ya kwanza ya kazi baada ya mzigo kufika. Hiyo ilikuwa Ijumaa ileile. Tatu zenye katoni safi zilikuwa na siku saba. Ukichelewa, mzigo unahesabika umefika kama ulivyoandikwa kwenye waraka, na kazi ya kuthibitisha kinyume inakuwa yako. Mama alikuwa amesaini bila rezerve, yaani bila kuandika kasoro yoyote, kwa sababu shofere alikuwa na haraka, kwa hiyo barua ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa rezerve yake.

Nawaomba wenye maduka mpige kibandiko kwanza, kabla ya nyufa, na mtume picha kama faili, maana ukiituma kama picha ya kawaida simu inaikandamiza na herufi ndogo zinageuka ukungu. A na C kwenye ukungu ni kitu kimoja.

Saa kumi jioni picha ya mwisho ikaingia. Televisheni ya sita ilikuwa inawaka, picha safi kutoka kona hadi kona, na S/N yake haikuwa kwenye orodha yangu. Nikafuta «sita», nikaandika «tano», kilo 55, kikomo faranga za CFA 275,000. Mama akasoma, akasaini, akampa kijana barua aipeleke kwa msafirishaji kabla hawajafunga, na nakala akaidai irudi na mhuri.