Marudio ya Nzega: kuyafukua au kuyaacha yatulie?

Mgodi wa Golden Pride wilayani Nzega, mkoani Tabora, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2014. Migodi ya namna hii ikifungwa, kinachobaki ni marudio, au topesumu, yaani mwamba uliosagwa na kuoshwa kwa sianidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu, ukiwa nyuma ya ukuta wa udongo. Bei ya dhahabu inavyopanda, marudio kama haya huanza kutamanisha.

Wanaotaka yafukuliwe wana hoja nzito. Tupige hesabu ya mfano tu: tani milioni 1 zenye nusu gramu ya dhahabu kwa kila tani. Ukifanikiwa kutoa asilimia 60, umepata kilo 300 bila kulipua mwamba, na kazi kubwa ya kusaga ilishafanyika. Marudio ya wachimbaji wadogo huwa na dhahabu nyingi zaidi, kwa kuwa zebaki huacha sehemu kubwa nyuma. Ila hayo yana hatari yake: zebaki iliyobaki ikikutana na sianidi huyeyuka na kusafiri na maji.

Wasiwasi wangu mkubwa ni ukuta. Mara nyingi kinachouangusha ni maji. Bwawa lililofungwa vizuri hukauka polepole, maji yaliyomo ndani hushuka, na tope hushikamana. Kulifukua kwa kulimwagia maji ya presha, njia inayotumika sana kwa kuwa ni rahisi, kunarudisha maji yale yale yaliyochukua miaka kutoka. Yakituama karibu na ukuta, hupenya ndani yake. Tazama kwenye kitako upande wa nje: maji yanayochuruzika maangavu, kwa kiasi kisichobadilika, yanahitaji kupimwa tu. Yakianza kutoka na tope, ukuta unaliwa kutoka ndani na watu walio chini yake waondolewe siku hiyo hiyo. Tulikwishaona hapo jirani Mwadui, Shinyanga, Novemba 2022, ukuta ulipopasuka na tope likafunika nyumba na mashamba.

Kuliacha nako si bure. Mvua za Novemba hadi Aprili huchonga makorongo kwenye kingo, mchwa na mizizi hutoboa ukuta, na mfereji wa kutolea maji ukiziba, bwawa hujaa upya. Lazima awepo mtu wa kusoma pizomita, kifaa kinachoonyesha maji yamepanda kiasi gani ndani ya ukuta, na kuzibua mfereji hata miaka 30 baada ya mgodi kufungwa, na alipwe.

Kuliko hayo mawili, hatari zaidi ni kufukua nusu. Bei ikishuka, mwekezaji anaondoka na kuacha shimo lenye kingo zilizosimama wima, linalokusanya mvua. Kwa hiyo mimi naunga mkono kufukua pale tu bwawa zima linapohamishiwa kwenye hifadhi mpya iliyotandikwa sakafu isiyopitisha maji, na fedha za kumalizia kazi ziwekwe dhamana kabla pampu ya kwanza haijawashwa. Asiyeweza kuweka dhamana hiyo asipewe kibali.