W plasi ama mainasi? Mi naona tatizo liko kwenye mpaka

"Nafanya pepa za nyuma za fizikia, kwa thamodainamiksi kuna pepa kazi ya gesi ikipanuka ni plasi na kuna nyingine ni mainasi. Nishike moja nikae nayo ama nifuate kila pepa vile inataka?"

Ndugu yangu, kila upande una hoja yake ya maana, na wala hakuna aliyekosea kwenye hizo pepa. Zama za Clausius, miaka ya 1850, mashine iliyokuwa vichwani mwa watu ni injini ya mvuke, unatia joto unatoa kazi, kwahivo joto linaloingia likahesabiwa plasi na kazi inayotoka nayo plasi, ndo tukapata ΔU = Q − W, yaani ongezeko la nishati ya ndani ni joto Q toa kazi W. Watu wa kemia, IUPAC wakiwemo, wao wanasema kila kinachoingia ni plasi, kiwe joto kiwe kazi, basi inakuwa ΔU = Q + W. Silabasi ya A-level ya Cambridge upande wa fizikia pia inakwenda hivo hivo, W ni kazi inayofanyiwa gesi. Herufi ni ile ile lakini W ya huyu ni kinyume cha W ya yule, ukichanganya fomula ya mmoja na maana ya mwengine ushaanguka.

Anayesema shika moja, hoja yake ni mazoea. Ukikaa na "kinachoingia plasi" miezi mitatu mkono unaandika wenyewe, hata ndani ya chumba cha mtihani na moyo unaenda mbio hukosei. Anayesema fuata pepa, yeye anaangalia maki, manake swali likiuliza "tafuta kazi iliyofanywa na gesi" na wewe ukaandika −169 J kwa sababu kanuni yako ni ya kuingia, anayesahihisha anasoma kwamba gesi ndo imefanyiwa kazi, na hapo umeongopa ingawa hesabu yako ilikuwa sawa.

Lakini nikwambie ninachokiona mimi nikikaa na wanafunzi jioni hapa Tudor, makosa mengi hayaanzi kwa alama kabisa, yanaanza pale mtu hajaamua sistimu yake ni ipi, yaani kitu gani hasa anakifanyia hesabu na mpaka wake uko wapi. Juzi tulikuwa na swali moja, feni inapeperusha kurasa mpaka kijana akaziwekea simu juu: silinda ina pistoni nyepesi isiyokwama, ndani kuna gramu 1 ya maji yaliyofika 100°C, presha ya nje ni 1.013 × 10⁵ Pa, koili ya umeme imezama ndani ya maji na inatoa 2256 J mpaka maji yote yakawa mvuke, ujazo umetoka 1 cm³ ukawa 1671 cm³. Joto halipotei nje. Tafuta nishati ya ndani imeongezeka kiasi gani.

Kazi ya kusukuma pistoni haina ugomvi. Ujazo umeongezeka 1670 cm³, yaani 1670 × 10⁻⁶ m³, zidisha na presha unapata kama 169 J. Jaribu la kwanza kijana akaandika 2256 + 169 = 2425 J, alikuwa ametoka kusoma noti za kemia akachukua fomula ya kujumlisha lakini W akaiacha plasi. Hili ni kosa la alama kweli, na kulishika hakuhitaji makingi skimu, uliza tu mvuke umesukuma ama umesukumwa. Umesukuma hewa ya nje, umetumia sehemu ya ulichopewa, sasa vipi ubaki na zaidi ya ulichopewa? Jibu lazima liwe chini ya 2256.

Akafuta, akaja na jibu jipya: 4343 J. Hili ndo lilinifanya niweke chai chini, kwa sababu safari hii alama zake zote zilikuwa sawa. Alihesabu joto 2256 linaingia, halafu akahesabu kazi ya umeme 2256 inaingia tena, kisha akatoa 169. Nishati moja imevuka mpaka mara mbili kwa majina mawili. Nikamwambia chora duara la penseli, onyesha sistimu yako inaishia wapi, koili iko ndani ama nje?

Duara likizunguka maji peke yake, koili iko nje, kinachovuka ni joto 2256 J na umeme huuhesabu, manake waya haukati duara lako. Inayotoka ni 169, inabaki 2087 J. Duara likizunguka maji pamoja na koili, basi waya wa umeme ndo unakata mpaka, kazi ya umeme 2256 J inaingia na Q ni sifuri, lile joto la koili kwenda kwa maji sasa ni mambo ya ndani ya nyumba. Inatoka 169 ile ile, inabaki 2087 J. (Koili yenyewe tunachukulia imemaliza na hali ile ile iliyoanza nayo, la sivyo ina sehemu yake.) Angalia vizuri hapo: Q imetoka 2256 ikawa sifuri, hakuna alama iliyobadilika, kilichobadilika ni duara tu. Kwahivo pepa ikiuliza Q peke yake bila kusema sistimu ni ipi, andika mwenyewe umechagua ipi kabla hujaandika namba.

Jibu langu basi, kwa hesabu za ndani shika kanuni moja, na mi napendelea ile ya kuingia plasi kwa sababu inakwenda vizuri na duara, kila mshale unaoingia plasi, unaotoka mainasi, hata ukiwa na mishale mitatu. Mwisho ukifika mstari wa jibu ndo ufuate pepa, na uandike kwa maneno, "gesi imefanya kazi 169 J", hapo hakuna wa kukuuliza alama. Ila kama pepa imekupa fomula yake juu ya swali tumia yake tangu mwanzo.

Na usijipime kwa maswali ya ujazo usiobadilika. Pale W ni sifuri, plasi ama mainasi ni kitu kimoja, unaweza kupata matano mfululizo na bado kosa limelala ndani. Chagua la gesi inayobanwa haraka bila joto kutoka, Q sifuri, gesi inasukumwa, halijoto lazima ipande, ikishuka kwenye daftari lako ujue alama imepinduka.

Mahali pamoja namwachia yule wa kanuni ya zamani ushindi ni kwenye mizunguko ya injini kwa grafu ya presha na ujazo. Pale ΔU ya mzunguko mzima ni sifuri, eneo la ndani ya mzunguko unaokwenda kama saa ndo kazi ambayo gesi imetoa, na ufanisi ni hiyo kazi ugawe kwa joto lililoingia peke yake, sio lililoingia toa lililotoka. Hapo kazi inayotoka ikiwa plasi unasoma grafu moja kwa moja, na mi mwenyewe maswali hayo nayafanya hivo, naandika tu juu ya ukurasa kwamba hapa W ni ya kutoka.