Saa 11:30 ipi?

Tiketi ya basi ya mdogo wangu iliandikwa "04/03, 11:30", basi. Akafika stendi na begi lake saa tano na nusu mchana, kumbe basi limeondoka tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri! Nauli ikapotea. Na hiyo tarehe, shemeji aliyeko Marekani aliisoma Aprili 3.

Jamani, andikeni "4 Machi, 05:30 alfajiri". Hilo neno alfajiri msiliache, maana 05:30 peke yake wapo watakaoisoma saa tano na nusu. Kuanzia 13:00 ndiyo hakuna ubishi, kwa sababu saa zetu za Kiswahili zinaishia kumi na mbili. Neno moja tu la wino linawashinda nini?